Maneno 1,500 yametoka wapi? Kupima urefu wa makala kwa kurasa za washindani

Wahariri wengi wa tovuti humpa mwandishi sharti hili mapema kabisa: makala isipungue maneno 1,500. Sharti hilo halikuzuka hewani. Mwaka 2020 Backlinko, tovuti inayofundisha jinsi ya kupanda katika matokeo ya utafutaji, walichunguza matokeo ya Google, wakakuta makala zilizo ukurasa wa kwanza zina wastani wa maneno 1,447. Namba za aina hiyo zikageuzwa kanuni. Lakini wastani uliokusanywa kutoka maswali ya kila namna haukwambii swali lako moja linahitaji nini, na Google wenyewe, katika mwongozo wao kwa waandishi, wanasema hawana idadi ya maneno wanayoipendelea.

Njia mbadala ni kuzipima kurasa ambazo tayari zinajibu swali lako. Naiunga mkono, ila wengi huifanya nusunusu.

Tuseme unaandika jinsi ya kubadili PDF kuwa Word bila jedwali kuvurugika. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, utafute, kisha uangalie ni kurasa za aina gani zimetokea. Kama karibu zote ni za kupakia faili na kubofya kitufe, acha kuhesabu: anayetafuta anataka chombo cha kumfanyia kazi, na makala ya urefu wowote itapata shida kupenya hapo. Zikiwepo makala za maelezo, chukua hizo tu na uhesabu maneno ya mwili wa makala, bila menyu wala maoni ya wasomaji. Katika Console, sehemu ya zana za wasanidi ndani ya kivinjari, mstari huu unatosha:

```
document.querySelector('article').innerText.trim().split(/\s+/).length
```

Ukurasa usio na `article` utakupa kosa lenye neno `null`. Hapo jaribu `main`.

Chukulia umepata 420, 510, 560, 640 na 3,100. Wastani wake ni 1,046, na hakuna hata ukurasa mmoja unaokaribia urefu huo. Makala moja ndefu imeivuta hesabu nzima. Ndiyo maana ni bora kutazama namba iliyokaa katikati, yaani 560, kisha kuusoma ule wa 3,100 peke yake. Mara nyingi utakuta ni wa tovuti kongwe ambayo tovuti nyingi zimeiwekea viungo, na huenda unashika nafasi kwa nguvu hiyo huku nusu ya maneno yake ikieleza historia ya PDF ambayo hakuna aliyeiuliza.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, na ndipo wengi huishia. Soma kurasa zote tano na uandike kila moja inajibu nini. Pengine zote zinaonyesha jinsi ya kufungua faili ndani ya Word, lakini ni moja tu inayogusa faili lililoskaniwa, ambalo ni picha tupu mpaka maandishi yake yatambuliwe kwa programu. Pengine hakuna inayoeleza kwa nini jedwali huvurugika: PDF nyingi huhifadhi mahali herufi na mistari ilipo, wala hazihifadhi safu na seli, kwa hiyo programu hulazimika kukisia. Ukiongeza mambo hayo mawili kwa ukamilifu, makala inaweza kufika maneno 800. Namba hiyo imetokana na mahitaji ya msomaji.

Wanaotetea idadi maalumu wana hoja nzito pia. Mwandishi anayelipwa kwa neno lazima ajue kazi ina ukubwa gani kabla hajakubali bei, na mhariri mwenye makala nyingi kwa mwezi hawezi kuchambua washindani wa kila moja. Zaidi ya hapo, anayefuata washindani tu huishia kuandika kile walichokwisha kuandika, pamoja na upungufu wao. Kama wote watano walijaza maneno kufikisha 1,500, kipimo chako kitakuwa kimerithi kosa lao. Na kama kurasa hizo ni za lugha nyingine, usihamishe namba hata kidogo, kwa sababu kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba kinachohitaji maneno kadhaa kwingine.

Kwa hiyo ningempa mwandishi kiwango cha malipo, tuseme maneno 600 hadi 900, pamoja na orodha ya maswali ambayo lazima yajibiwe. Akiyamaliza yote kwa maneno 580, alipwe kama aliyefikisha 600, asije akajaza maneno ili asipunjwe.

Baada ya miezi michache, fungua Search Console ya Google utazame maswali yanayouleta ukurasa wako kwenye matokeo. Ukiona watu wanatafuta habari za faili lenye nywila, unatokea mbali huko nyuma, na makala yako haina hata sentensi moja juu ya nywila, basi ni fupi mahali hapo, nawe unajua aya gani ya kuongeza.