Barafu ipi inayovunjwa?

Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili sentensi hii aitafsiri: "Juma told a joke to break the ice." Wengi wataandika kwamba Juma alitoa utani ili kuvunja barafu, wataweka nukta na kwenda swali linalofuata. Kila neno limetafsiriwa sawasawa, na kamusi itawaunga mkono. Kilichopotea ni habari yenyewe: Juma alikuwa na watu wasiojuana, kila mtu amejikunyata kwenye kiti chake, akawachekesha ili wazoeane na kuanza kuzungumza.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mwanafunzi huyo hajui kuwa maneno yanaweza kubeba maana nyingine. Siyakubali hata kidogo. Mtoto huyo huyo akisikia kwamba dada yake amevunja ungo, haendi kutafuta vipande vya ungo jikoni. Akiwa wa pwani, siku za mwisho za Shaabani anaalikwa kuvunja jungu, naye anakwenda kula vizuri kabla ya mfungo. Anajua kuwa moyo huvunjika, ndoa huvunjika, mwiko huvunjwa, na mchekeshaji hodari huwavunja watu mbavu. Mtu aliyekulia katika lugha yenye utajiri huu wa kitenzi kimoja hana upungufu wa kuelewa nahau.

Ila utajiri huo anauacha nyumbani anapoingia katika lugha ya kigeni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Eric Kellerman aliwachunguza Waholanzi waliokuwa wakijifunza Kiingereza, akatumia kitenzi chao chenye maana hii hii ya kuvunja. Aliwauliza ni matumizi yapi ya kitenzi hicho yanayoweza kuhamishwa kwenda Kiingereza. Kuvunjika mguu waliliona jambo la wazi. Matumizi yaliyokuwa mbali na maana ya msingi waliyatilia shaka, hata pale Kiingereza kilipokuwa na matumizi hayo hayo. Tena lugha hizo mbili ni ndugu wa damu. Mgeni wa lugha hushika maana iliyo salama zaidi, ile inayoshikika kwa mkono, kwa sababu hajui wenye lugha wanaruhusu maneno yatembee umbali gani. Ikiwa Mholanzi anasita hivyo, Mswahili ana haki ya kusita zaidi.

Na Mswahili ana tatizo la ziada, nalo liko kwenye barafu. Kwetu barafu ni kitu chema. Ni ile inayofukiwa samaki sokoni wasioze, au inayotiwa kwenye juisi ya ukwaju wakati wa jua kali. Mpendwa anaitwa barafu wa moyo. Maneno ya faraja yanapoza moyo, na mtu mwenye hasira anaambiwa apoe. Ubaridi katika mazungumzo yetu mara nyingi ni utulivu. Mwanafunzi anayetumia picha hii hawezi kufika kwenye maana ya Kiingereza hata akijitahidi kufikiri kitamathali, maana mtu atavunjaje kitu kinachoburudisha, tena akidhani anawafanyia wenzake wema?

Barafu ya nahau hii ni nyingine kabisa. Ni tabaka gumu linaloziba mto au bandari majira ya baridi, vyombo vikakwama. Mto Thames unaopita London uliwahi kuganda kiasi cha watu kufanya biashara juu yake, mara ya mwisho mwaka 1814. Chombo cha kwanza kulivunja tabaka hilo kinawafungulia njia wanaofuata. Ndiyo maana matumizi ya zamani ya nahau hii hayakuwa na uhusiano wa lazima na mazungumzo. Thomas North, alipochapisha mwaka 1579 tafsiri yake ya maisha ya watu mashuhuri yaliyoandikwa na Plutaki, aliitumia kwa maana ya kuwa wa kwanza kuanzisha jambo gumu. Maana ya kuondoa ukimya kati ya wageni ni tawi la shina hilo: ukimya umeziba njia, mmoja anathubutu kuifungua.

Hapa walimu wanagawanyika. Kuna wanaosema nahau ikaririwe nzima kama neno moja, na habari za mito iliyoganda zibaki kwa wanahistoria. Hoja yao ina uzito. Mzungumzaji wa Kiingereza mwenyewe hafikirii mito anapoitumia, na wengi wao hawajui chanzo chake. Halafu ziko nahau ambazo picha yake haisaidii lolote, kama ile ya Kiingereza ya kupiga teke ndoo, yenye maana ya kufa. Mwanafunzi akizoea kutafuta picha katika kila nahau, atajitungia picha za uongo.

Ushahidi wao mzuri zaidi uko Dar es Salaam na Nairobi, kwenye kumbi za semina. Mwezeshaji anasema tuanze na aisbreka, watu wanasimama, kila mmoja anataja jina lake na chakula anachokipenda, kicheko kinatawala. Hakuna aliyeona mto ulioganda, na wote wameelewa kazi ya neno hilo kwa kulifanya.

Lakini angalia walichokielewa. Kwa wengi aisbreka imekuwa jina la mchezo wa kufungulia semina. Wakisoma habari kwamba ziara ya waziri ilivunja barafu kati ya nchi mbili zilizokuwa hazisemezani, ule mchezo hauwasaidii, kwani hakuna aliyetaja chakula anachokipenda. Mwenye picha ya njia iliyozibwa anapita bila shida kutoka ukumbini hadi kwenye siasa. Kwa nahau hii, basi, mimi niko upande wa kueleza picha, na dakika mbili za ubao zinatosha: mto, tabaka, chombo cha mbele, vyombo vinavyofuata nyuma.

Kuna pia dalili ndani ya sentensi yenyewe ambayo hufundishwa mara chache. Tazama lile neno dogo "the" kabla ya "ice". Kwa Kiingereza linamwambia msomaji kuwa barafu hii anaijua tayari. Sasa rudi kwenye sentensi ya Juma: barafu imetajwa wapi? Hakuna friji, hakuna samaki, hakuna kinywaji. Kitu kinachodaiwa kujulikana hakimo kwenye habari, na hapo ndipo msomaji anapaswa kushtuka. Sisi hatuna neno la aina hiyo mbele ya nomino, kwa hiyo jicho letu linaliruka. Dalili hii haimalizi kila kitu, kwa sababu mvuvi anaweza kweli kuambiwa aivunje barafu iliyo mbele yake. Utaitambua hiyo kwa kuwa barafu yenyewe inaonekana katika sentensi zilizotangulia.

Linabaki swali la kuandika nini kwa Kiswahili. "Kuvunja barafu" kumeanza kuzoeleka, na anayejua Kiingereza ataelewa. Asiyekijua atarudi palepale pa mwanafunzi wetu. "Kuvunja ukimya" kunakaribia, ila magazeti yetu hukutumia zaidi kwa mtu aliyenyamazia jambo muda mrefu kisha akasema. Kwa sentensi ya Juma ningeandika kwamba alitoa utani ili watu wachangamke. Kwa ziara ya waziri, ningeandika kwamba ilifungua njia ya mazungumzo.