Kundi la walimu: tulifunge au tuliache wazi?

"Tuna kundi la WhatsApp la walimu wa Kiswahili huku Mbale na wilaya jirani, tuko 140. Wengine wanataka waandike maadmini peke yao, wengine wanasema tukifanya hivyo kundi litakufa. Nani ana haki?"

Wanaotaka kufunga hawakosi hoja, nami nimewahi kuwa upande wao. Katika kundi letu la Jinja, asubuhi moja mwalimu aliuliza: mwanafunzi wake wa kidato cha pili kaandika "mbwa imekufa", amweleze vipi? Kabla hajajibiwa, ukaingia ujumbe kwamba mwenzetu kafiwa na mama yake. Zikafuata pole, dua, namba za kutuma mabugo, halafu orodha ya waliochanga, ikibandikwa upya kila jina linapoongezeka. Kufikia jioni swali lilikuwa limezama. Yule mwalimu hakuuliza tena kwa miezi, na sikumlaumu.

Basi tukafunga. Wiki ya kwanza palitulia, wengine wakashukuru. Ila wiki ya tatu nilibandika tangazo la warsha, nikalishikilia kwa kidole na kufungua maelezo yake nione nani amelisoma. Baada ya siku mbili, waliosoma hawakufika nusu. Kundi ambalo mtu hawezi kusema ndani yake hana haja ya kulifungua kila siku, na hata matangazo yenyewe yakakosa wasomaji. Kwa hiyo wanaosema litakufa wameona sawa, ingawa halifi kwa kelele. Linakauka polepole, na admini ndiye wa mwisho kugundua, kwa sababu yeye bado anaandika.

Wengi wetu tuko peke yetu shuleni. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020, mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwa na madarasa yote na asiwe na mwenzake hata mmoja wa kumuuliza. Lile swali la mbwa lilikuwa na jibu zuri: kwa Luganda mtoto husema "embwa efudde", kitenzi kikifuata ngeli ya nomino, wakati Kiswahili humpa kila mtu au mnyama upatanisho wa A-WA hata umbo lake likiwa la ngeli nyingine. Mwalimu wa Masaka angelijibu kwa dakika mbili. Admini mmoja hawezi kuyajua yote hayo, na ukifunga, umemnyamazisha anayejua.

Kwa hiyo ningeliacha wazi, lakini kwa sheria chache zinazogusa tatizo lenyewe. Msiba utangazwe na admini mmoja, kwa ujumbe mmoja wenye jina, mahali pa mazishi na namba ya mweka hazina. Pole zitolewe kwa alama chini ya ujumbe huo, michango iripotiwe kwa mweka hazina, na orodha itoke mara moja tu, jioni ya mwisho. Hapa patakuwa na ugumu wa kweli. Kwetu, kumpitia mfiwa bila neno ni utovu wa adabu, na wazee wataona alama ya kidole ni ubaridi. Mwambieni kila mtu ampigie au amwandikie mfiwa faraghani. Sisi tulipofanya hivyo, mfiwa mmoja alituambia alifarijika zaidi na simu hizo.

Salamu za asubuhi sizipigi marufuku, mradi zisiwe picha na video. Ujumbe wa kusambazwa, siasa na biashara admini aufute, kisha amwandikie mhusika faraghani siku hiyohiyo. Akikemewa mbele ya watu 140, atakaa kimya yeye na wanaomheshimu. Wawepo maadmini watatu kutoka shule tofauti, ili anayefuta asionekane analinda upande wake.

Sheria zikishakaa, kundi linahitaji kazi. Jumatatu mmoja alete sentensi halisi ya mwanafunzi, bila jina, na muibandike juu kwa siku 7 ili isizame. Zamu iandikwe mapema kwa mwezi mzima, la sivyo itarudi kwa mtu yuleyule.

Kufunga nako kuna mahali pake: saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, au ugomvi unapowaka. Hakikisheni tu yupo anayefungua, maana mpangilio ule haujifungui wenyewe. Kugawa kundi mawili, la matangazo na la mazungumzo, ningengoja. Kwa watu 140 wanaozungumza huwa wachache, na ukiwagawa hawatoshi kuendesha lolote.

Kabla ya kupiga kura, hesabuni maswali ya kazi yaliyoulizwa wiki mbili zilizopita na mangapi yalijibiwa kabla ya siku kuisha. Mengi yakiwa hayakujibiwa ilhali ujumbe ni mwingi, anzeni na sheria ya misiba na ya kusambaza. Ikiwa hakuna aliyeuliza kabisa, anzeni na zamu ya Jumatatu.