Barua ya Mwalimu Kuhusu Sheng ya Bwenini: "Mono" na "Mtiaji"

"Shule ikitutumia orodha ya maneno ya Sheng, inatusaidia au inatutia hofu bure?" Ndivyo alivyouliza mzazi mmoja wa Nairobi baada ya kupokea barua ya mwalimu wa bweni la mwanawe, yenye orodha ya maneno ya Sheng yanayoweza kuashiria kwamba mtoto anaonewa.

Inasaidia, ila sehemu tu ya barua ile. Nusu yake inaorodhesha maneno ambayo hayana neno: buda, mathe, doo, rada. Mtoto anayemwita babake "buda" hajapotoka, na mzazi atakayeanza kumkagua kwa hayo atapata jambo moja tu, mtoto anayenyamaza akiwa nyumbani. Uzito wa barua uko kwenye maneno mawili, na hapo mwalimu amefanya kazi nzuri.

La kwanza ni "mono", jina la mwanafunzi mgeni wa sekondari. Wanaolitetea wana hoja. Karibu kila aliyepitia shule ya bweni Kenya aliitwa mono au njuka, na wengi hulikumbuka wakicheka. Lakini sikiliza linavyotumika. "Huyu ni mono wetu, mwonyesheni bafu" ni ukaribisho. "Mono, leta maji" saa kumi alfajiri, kila siku, kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kulijua jina la mtoto huyo, ni utumishi wa kulazimishwa. Neno ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba linafuatwa na amri, na anayeambiwa hawezi kukataa. Mwaka 2017 wanafunzi wa kidato cha kwanza wa Alliance High School walieleza walivyopigwa na kudhalilishwa na wakubwa wao, na nchi nzima ikashtuka kwamba jambo lililoitwa desturi lilikuwa mateso.

La pili ni "mtiaji", yaani anayepeleka habari kwa walimu, pamoja na kitenzi chake cha karibu, "kuchoma". Kwangu hili ndilo zito kuliko yote. Matusi kama "fala" marafiki hutupiana mchana kutwa na jioni wakala pamoja. "Mtiaji" halina matumizi mengi ya kirafiki, kwa sababu kazi yake ni kuwanyamazisha wote waliobaki. Mtoto mmoja akishaitwa hivyo, wengine ishirini bwenini wanajifunza kwamba hata blanketi likiibwa mbele ya macho yao, hawakuona kitu. Mzazi akisikia mwanawe akisema, "siwezi kuchoma mtu," asipite haraka. Hapo kuna jambo ambalo mtoto analijua.

Ningependa barua iongeze la tatu: kumcheka mtoto kwamba "anashrabu", yaani matamshi ya lugha ya mama yanasikika anapozungumza Kiingereza. Walimu wenyewe wakati mwingine hucheka. Dalili yake haionekani bwenini bali darasani: mtoto aliyekuwa akiinua mkono Januari, kufikia Machi hajibu chochote mpaka ameitwa kwa jina.

Wanaopinga orodha wana hoja nyingine ambayo siwezi kuipuuza. Sheng haikai. Orodha ikifika kwa wazazi leo, kesho wanafunzi wameiona, na neno lililotajwa linaachwa au linageuzwa. Hata "mono" lilizoeleka likiwa la kidato cha kwanza. KCPE, mtihani uliokuwa mlango wa kidato hicho, ilifanywa mara ya mwisho 2023, na wageni wa sekondari pevu sasa huingia Gredi ya 10. Huenda wakaitwa vingine. Tena kuna shule ambazo zikipata orodha kama hii hukimbilia kupiga marufuku Sheng yote, na anayeadhibiwa ni yule aliyesema "sasa msee", huku mwonevu akiendelea kuamuru kwa Kiswahili sanifu.

Kwa hiyo neno liwe mahali pa kuanzia kuuliza. Siku ya wazazi kutembelea, badala ya "unaonewa?", ambalo jibu lake ni "hapana", uliza: "Siku hizi nani anaitwa mtiaji? Nani alianza kumwita hivyo? Akiitwa, yeye hufanya nini?" Mtoto huona wepesi kumzungumzia mwenzake, na mara nyingi mwenzake huyo ni yeye mwenyewe. Kisha linganisha na vitu. Sabuni, sukari na pesa za matumizi zikiisha wiki ya pili kila muhula, na jibu likawa "nilipoteza", maneno na sanduku vinasema jambo moja.

Pengo kubwa la barua liko mwishoni: haisemi mzazi ampigie nani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, kimwili au kisaikolojia. Mwalimu angeandika jina la mshauri wa wanafunzi, saa anazopatikana, na namba 116 ya kusaidia watoto, ambayo haitozwi. Pia angeeleza jinsi shule itakavyomlinda mtoto usiku ule mzazi atakapopiga simu, maana atalala bweni lile lile na waliomwita mtiaji.