Mhariri hanunui mada

Barua pepe yangu ya kwanza kwa mhariri wa jarida ilikuwa na aya sita. Kichwa chake kilisema "Wazo la makala". Nilijitambulisha, nikataja chuo, na mwishoni kabisa nikasema ningependa kuandika "kuhusu kilimo cha mwani Zanzibar na changamoto zake". Hakujibu. Nilimnunia miezi kadhaa, na leo naona hakuwa na cha kujibu. Nilimpa mada, naye alikuwa anatafuta kisa.

Kisa kilikuwepo, mimi ndiye niliyekifukia. Akina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja walikuwa wakipanda kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri kuliko spinosamu. Maji ya kina kifupi yakipata joto, kotonii hufa, kwa hiyo sasa inataka kilindini. Wengi wao hawajui kuogelea, na mashua hawana.

Ningeiandika leo, ingekuwa hivi:

"PENDEKEZO LA MAKALA: Mwani wenye bei umehamia kilindini, wakulima wake hawajui kuogelea

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Napendekeza makala ya maneno 1,500 inayomfuata mkulima mmoja wa Paje anayejifunza kuogelea ili arudi kupanda kotonii. Yeye na jirani yake aliyekataa kuingia kilindini wamekubali niwahoji na kuwapiga picha. Nitaingia nao majini bamvua lijalo, na makala utaipata wiki mbili baadaye. Sijaipeleka kwingine. Viungo vya makala zangu mbili viko hapa chini."

Basi. Inasomeka kwenye simu mhariri akiwa kwenye foleni ya daladala.

Sentensi ninayoipenda humo ni ile ya bamvua. Mashamba ya kina kifupi huhudumiwa maji yakipwa sana, siku chache tu za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mhariri anaona kwamba nimeshafika shambani, na pia anaona kwamba akichelewa kujibu, nafasi hiyo inapita. Jirani naye si pambo: bila mtu aliyekataa, makala ingekuwa tangazo la mafunzo ya kuogelea.

Wapo wanaoambatisha makala nzima iliyokwisha. Mimi siafiki. Mhariri hupenda kusema "anza na huyo jirani", na makala iliyokwisha haimwachii mlango.

Wiki mbili zikipita kimya, namkumbusha mara moja kwa mistari miwili, kisha napeleka kwa mwingine.

Akijibu "tuletee tuone", hajaagiza kitu. Niliwahi kupanda boti kwenda Unguja kwa jibu la namna hiyo, nauli yangu, malazi yangu, na makala ikakataliwa kwa mstari mmoja. Siku hizi nauliza kabla ya kukata tiketi: malipo ni kiasi gani, yanatoka lini, na msipoichapa nabaki na nini?