Herufi mbili mlizozikata kwenye "statin"

Nimetumiwa tena ile chati ya kukariri makundi ya dawa kwa miisho ya majina yake. Mnaijua: olol ni mapigo ya moyo, pril ni presha, statin ni kolesteroli, na mifano imepangwa pembeni. Safari hii kwenye safu ya statin, katikati ya atorvastatin na simvastatin, wameikalisha nystatin. Na watu wanashukuru eti imewarahisishia mtihani.

Jamani, nystatin ni dawa ya fangasi! Hazen na Brown waliigundua mwaka 1950 wakiwa kwenye maabara ya Jimbo la New York, na jina likatokana na jimbo hilo. Lovastatin, dawa ya kwanza ya kolesteroli ya kundi lile kuuzwa, ilikuja mwaka 1987.

Sina ugomvi na kukariri miisho ya majina. Ugomvi wangu ni kuikariri ikiwa imekatwa. Shina lililowekwa na Shirika la Afya Duniani kwa kundi hili ni vastatin, siyo statin. Simvastatin, rosuvastatin, pravastatin, zote zinalo. Nystatin hainalo, wala cilastatin, ile inayopewa pamoja na antibiotiki ya imipenem. Herufi mbili tu, na mkanganyiko wote unakwisha.

Mtasema ninakuza mambo. Haya, mchukueni mzee anayemeza simvastatin kila usiku na anayevuta dawa ya pumu yenye steroidi. Hasukutui mdomo baada ya kuvuta, basi ulimi umeota utando mweupe wa fangasi. Daktari anamwandikia nystatin ya maji, aizungushe mdomoni kisha ameze. Mwanafunzi wa chati anakiona cheti: statin mbili, dawa imerudiwa! Anapendekeza nystatin iondolewe, na utando utibiwe kwa fluconazole ya kumeza.

Hapo ndipo ameharibu. Nystatin haifyonzwi tumboni ila kidogo mno, kwa hiyo haigombani na simvastatin. Fluconazole inaingia kwenye damu na kukibana kimeng'enya cha ini kinachoivunja simvastatin. Simvastatin inalundikana, misuli inaanza kuuma na kulegea, na hali ikiwa mbaya mkojo unageuka kahawia. Yaani amekimbia mgongano ambao haukuwepo, akautengeneza wa kweli.

Pril, nakubali, hainisumbui: captopril, enalapril, lisinopril, zote kundi moja, na kikohozi kikavu zinachoweza kuleta ni kilekile.

Ila olol msiiamini kupita kiasi. Kwanza stanozolol nayo inaishia hivyo, na ni steroidi ya kujenga misuli. Pili, mzee wetu ana pumu. Propranolol inaziba vipokezi vya moyoni na vya mapafuni kwa pamoja, inaweza kumbana kifua vibaya sana. Bisoprolol huegemea zaidi upande wa moyo, ingawa hata hiyo hapewi bila tahadhari. Mwisho wa jina ni uleule kwa zote mbili, kwa hiyo hapo chati haina la kukwambia. Fungua kitabu cha dawa usome.