Msailiwa akiganda mbele ya paneli

"Mie naingia kwenye paneli ya usaili hapa Unguja. Mtu akiganda au akalia, tukimsubiri si tumempendelea?"

Hoja ya upendeleo ina uzito wake, sikatai. Wa saa tatu kapata dakika 20, wa saa tano kalia kapewa 30, yule wa mwanzo akisikia ana haki ya kunung'unika. Ila wanaosema "kazi yenyewe ina presha, asiyeiweza paneli hataiweza ofisi" hao siwafuati sana. Ukiajiri mtembeza watalii sawa, kuongea mbele za watu ndo kazi yake, lakini msaidizi wa mahesabu unampima kwa kitu ambacho hatokifanya. Hofu inakula ile nafasi ya kichwani mtu anayoshikia mambo mawili matatu kwa pamoja, anachokijua kipo ila hakitoki.

Nilikaa paneli moja, ofisi siitaji, kaja binti toka Pemba kalala melini usiku kucha, tunamwambia kwa Kiingereza aelezee rikonsilieshen ya benki, yaani kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha mpaka zikubaliane. Kimya. Mwenzetu akarudia swali kwa sauti kubwa (sijui kwa nini watu wanadhani aloganda kawa kiziwi), chozi likamshuka. Mwenyekiti akasimamisha saa, akamsogezea maji, akasema "pumzika dada, tunakungoja", kisha akainamia makaratasi yake na sisi tukamfuata, maana macho sita yakikukodolea hupumziki. Unalia nini hakumuuliza, hilo si letu.

Baada ya dakika tano hakumwambia tena aelezee, akampa kalamu na karatasi: taarifa ya benki inasema 4,200,000, daftari la fedha 4,030,000, kuna hundi ya 350,000 haijawasilishwa benki, pesa 150,000 zimepelekwa benki hazijaonekana, na makato ya benki 30,000 hayajaandikwa daftarini. Binti akaongeza 150,000 akatoa 350,000, benki ikabaki 4,000,000, daftari akatoa 30,000, ikawa 4,000,000 vilevile. Kisha akaanza kutuelezea mwenyewe, kwa Kiswahili.

Hapo ndo unatofautisha. Aloganda ukimpa kitu cha kushika anafunguka, asojua hata karatasini anabahatisha, na huyo mpe alama zake ndogo bila huruma. Ila mwenyekiti angesema "anza kwa kutoa ile hundi" angekuwa kashampa jibu, na alama ingekuwa yake yeye si ya binti.

Tatizo letu lilikuwa wale wawili wa asubuhi, hawakupewa karatasi. Sheria ya mapumziko ya dakika tano na zoezi la kuandika ingewekwa kabla, kwa wote, lawama isingekuwepo. Ikabidi tuwapigie simu warudi kesho yake, tukawapa zoezi la namna ileile kwa namba nyengine. Yule aloongea vizuri kuliko wote, hundi akaijumlisha badala ya kuitoa.