Bonasi ya Desemba na kodi iliyokatwa kupita kiasi

Kila Januari nasikia wafanyakazi wa Kenya wakilalamika kwamba bonasi ina kodi yake kali. Haina. Kisheria ni mapato ya kazi kama mshahara. Tatizo ni kwamba PAYE hukatwa kwa viwango vya mwezi, ilhali kodi yenyewe ni ya mwaka mzima.

Mchukue mfanyakazi ambaye mwaka 2025 alibaki na Sh26,000 za kutozwa kodi kila mwezi, baada ya NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba. Sh24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, na Sh2,000 zinazobaki asilimia 25. Ukitoa nafuu ya Sh2,400, analipa Sh500 tu. Desemba anaongezewa bonasi ambayo, baada ya makato hayo, ni Sh60,000. Mwezi huo mapato yake ni Sh86,000, na chochote kinachozidi Sh32,333 kinaingia kwenye asilimia 30. Anakatwa takriban Sh18,183. Kwa mwaka mzima amekatwa Sh23,683.

Sasa hesabu kwa mwaka. Mapato yote ni Sh372,000. Asilimia 30 huanza baada ya Sh388,000, kwa hiyo hakustahili kuigusa hata kidogo. Kodi yake halisi, baada ya nafuu ya Sh28,800, ni Sh21,000. Amezidishiwa Sh2,683, na kwa mtu wa kipato hicho hizo ni pesa za maana.

Anayepata Sh80,000 hana cha kudai: yuko kwenye asilimia 30 kila mwezi, na bonasi ya Sh100,000 inatozwa hivyo hivyo, kwa mwezi au kwa mwaka. Tofauti hurudi kwa wenye kipato cha juu kabisa, pale bonasi inapomvusha mtu Sh500,000 za mwezi, ambako kiwango cha kodi hupanda tena, huku mapato yake ya mwaka hayazidi milioni 6.

Pesa iliyozidi hairudi yenyewe. Inaonekana unapojaza ritani kwenye iTax kabla ya Juni 30, kwa takwimu za fomu ya P9. Hakikisha safu ya Desemba inaonyesha bonasi pamoja na PAYE iliyokatwa, kisha uombe kurejeshewa. Wengi wa kipato cha chini huwasilisha ritani ya sifuri kwa sababu ni ya haraka. Aliyeajiriwa akifanya hivyo ametangaza kwamba hakuwa na mapato, na madai yake hayaonekani popote.

Kwa maoni yangu, mzigo huu haufai kumwangukia mfanyakazi. Uingereza, kwa kawaida, PAYE hujumlisha mapato na kodi tangu mwanzo wa mwaka wa kodi, hivyo mwezi wa bonasi hupimwa pamoja na miezi iliyoutangulia. Programu za mishahara za hapa tayari zina takwimu za miezi yote. KRA iwaagize waajiri wapige hesabu ya mwaka kwenye mshahara wa Desemba, na aliyezidishiwa apate pesa zake mwezi uleule.